Bei ya Kwenye Jalada Siyo Bei ya Safari: Jinsi ya Kusoma Brosha ya Kifurushi cha Utalii

Kila msimu wa likizo ukikaribia, malalamiko yaleyale hurudi mitandaoni. Mtu amelipia safari "iliyojumuisha kila kitu", amefika huko, na kuanzia siku ya kwanza mkono hautoki mfukoni: kiingilio hapa, kodi ya hoteli pale, bakshishi ya dereva, chakula cha mchana, boti. Akirudi anasema ametapeliwa. Wanaomjibu wanamwambia angesoma brosha. Mara nyingi pande zote mbili zina ukweli. Gharama zile zilikuwa zimeandikwa, au angalau zilikuwa zimeachwa bila kuandikwa kwa namna ambayo mtu aliyezoea brosha angeishtukia.

Tuanze na maneno yenyewe. Kifurushi cha utalii ni safari ambayo huduma mbili au zaidi zimeunganishwa na kuuzwa kwa bei moja: tuseme ndege na hoteli, au hoteli, gari na mwongozaji. Anayeziunganisha ni mwandaaji wa safari. Anayekuuzia anaweza kuwa mwandaaji huyohuyo au wakala wake. Brosha ni tangazo lenye sehemu nne, iwe ya karatasi au ya kwenye simu. Kuna jalada lenye picha na bei, kuna ratiba ya siku kwa siku, kuna orodha ya vilivyojumuishwa na visivyojumuishwa, na mwisho kuna masharti kwa herufi ndogo.

Watu wengi husoma jalada, hupitia ratiba kwa furaha, hutupia jicho orodha na kuyaacha masharti. Ukitaka kujua gharama, igeuze safari hiyo: anza na masharti, nenda kwenye orodha, kisha ndipo urudi kwenye ratiba ukiwa na kalamu. Jalada lisome mwisho.

Nitatumia brosha moja ya kutunga, ila sentensi zake ni za aina utakayoikuta kwenye brosha halisi. Jalada linasema: "Siku 8, usiku 7. Kuanzia dola 1,000 kwa mtu.* Ndege, hoteli za nyota nne, basi lenye kiyoyozi, mwongozaji, HB." Chini kabisa, kwa herufi za kukodolea macho: "*Bei kwa kila mtu, wawili wakilala chumba kimoja, tarehe teule. Tozo za viwanja vya ndege hazimo." Anayetaka kwenda ni mwanamke mmoja, anasafiri peke yake, na likizo yake iko katikati ya msimu wa wageni wengi.

Neno la kwanza la kulishika ni "kuanzia". Hiyo si bei ya safari, ni bei ya chini kuliko zote kwenye jedwali. Ndani ya brosha kuna jedwali la tarehe za kuondoka, na bei ya jalada mara nyingi ni ya tarehe moja au mbili tu, zile za msimu ambao hoteli ziko wazi. Tarehe anayoitaka huyu mama ina nyongeza ya dola 150. Tayari ni 1,150, na hakuna aliyemdanganya.

Neno la pili ni "wawili wakilala chumba kimoja". Bei ya kifurushi karibu siku zote hupigwa kwa kugawa chumba cha dabo kwa watu wawili. Hoteli inauza chumba, haiuzi kitanda, kwa hiyo akilala mtu mmoja, ile nusu ya pili lazima ilipwe na mtu. Ndiyo inayoitwa nyongeza ya singo. Kwenye brosha yetu ni dola 240. Ambacho wengi hawakijui ni kwamba nyongeza hii haimpi mtu chumba kizuri zaidi, na hoteli nyingine humpa kidogo kuliko vyote walivyo navyo. Wapo waandaaji wanaokubali kukutafutia mtu wa jinsia yako wa kulala naye chumba kimoja. Soma sharti lake vizuri, maana baadhi huandika kwamba mwenzako asipopatikana nyongeza utailipa wewe, na wengine huandika kwamba hutalipa. Tofauti hiyo ni sentensi moja yenye thamani ya dola 240.

Ukiongeza tozo za viwanja vya ndege, ambazo kwenye jedwali ni dola 110, tumefika 1,500. Bado hatujafungua ratiba, na bei imeshapanda kwa nusu nzima. Hapa ndipo mtu anapaswa kuliona jalada jinsi lilivyo: ni tangazo la kukuingiza dukani tu.

Kuhusu orodha, kuna imani moja inayowaponza watu wengi. Wanadhani orodha mbili zile, ya vilivyomo na ya visivyomo, zimegawana ulimwengu mzima, kwamba kisichotajwa kwenye "visivyojumuishwa" basi kimo. Ni kinyume chake. Orodha ya vilivyojumuishwa ndiyo ahadi. Orodha ya visivyojumuishwa ni ukumbusho tu, tena aghalabu huishia na maneno "na gharama nyingine yoyote ambayo haikutajwa kuwa imejumuishwa". Kwa sentensi hiyo, kila kilicho kimya kinakuwa juu yako. Ni kama kupanga chumba: umetajiwa kodi, ukafurahi, na habari za maji, umeme na takataka unazisikia ukishahamia.

Kwa hiyo gharama zinazouma hazikai kwenye orodha ya visivyojumuishwa. Zile ulishaziona ukajiandaa. Zinazouma ni zile ambazo hazimo kwenye orodha yoyote kati ya hizo mbili, ila zimo kwenye ratiba, zimevaa nguo nzuri. Kazi yote ya kusoma brosha ni kuzitoa huko.

Njia yake ni rahisi ingawa inachosha. Chukua ratiba, pigia mstari kila kitu kinachogharimu pesa: kila mlo, kila usafiri, kila mahali pa kuingia. Kisha kitafute kimoja kimoja kwenye orodha ya vilivyojumuishwa. Kikiwemo kwa jina, weka alama ya vema. Kisipokuwemo, andika bei pembeni.

Tufanye hivyo kwa brosha yetu, tuanze na chakula. Jalada limeandika HB. Hizi herufi ni za kawaida kwenye hoteli duniani kote: BB ni kulala na kifungua kinywa, HB ni hivyo pamoja na mlo mmoja mkuu, kwa kawaida wa jioni, FB ni milo mitatu, na AI ni milo pamoja na vinywaji fulani. Kosa la kwanza ni kuisoma HB bila kuhesabu. Orodha ya brosha yetu inasema "vifungua kinywa 7 na vyakula vya jioni 5, kama ilivyoonyeshwa kwenye ratiba". Usiku ni 7. Usiku wa kwanza kundi linafika saa tano, na ratiba inasema chakula kitakuwa "ndani ya ndege". Usiku mmoja mwingine ratiba inasema "jioni huru ya kufurahia mji", maneno matamu yenye maana kwamba hakuna chakula. Milo ya mchana haimo kabisa, nayo siku kamili za kutembea ni 6.

Tukikadiria dola 12 kwa mlo wa mchana mara 6, na dola 18 kwa ile jioni huru, tunapata 90. Kosa la pili kuhusu HB na FB ni kudhani kinywaji kimo. Kwa kawaida hakimo, na hoteli nyingi hutoza hata chupa ya maji inayowekwa mezani wakati wa chakula cha jioni. Dola 4 mara jioni 5 ni 20.

Hapohapo nizungumzie AI, kwa kuwa ndiyo inayobishaniwa kuliko zote. Watu huisoma kama "kila kitu bure". Maana yake halisi ni kwamba hoteli hiyo ina orodha yake ya vitu visivyolipiwa, kwa saa zake, kwenye kumbi zake. Nje ya hapo unalipa. Vinywaji kutoka nje ya nchi, mgahawa wa kuagiza, huduma ya chumbani, vinywaji baada ya usiku wa manane na huduma za masaji ni vitu ambavyo mara nyingi viko nje. Hoteli mbili zenye AI zinaweza kutofautiana mno, kwa hiyo herufi hizo peke yake hazikuambii kitu mpaka uione orodha ya hoteli yenyewe. Tena kuna kasoro ambayo hakuna anayeitaja: ukinunua AI kwenye ziara ya basi inayokutoa hotelini saa mbili asubuhi na kukurudisha saa moja jioni, umelipia chakula cha mchana ambacho hutakuwepo kukila.

Sasa twende kwenye ratiba yenyewe. Hapa pasome kwa kuangalia vitenzi, maana mwandishi wa ratiba huvichagua kwa uangalifu mkubwa. Siku ya tatu ya brosha yetu inasema: "Asubuhi tutaingia ngomeni na kutembezwa na mwongozaji wa hapo. Mchana tutapita mbele ya kasri maarufu na kusimama kwa picha. Jioni utapata fursa ya kushuhudia ngoma za asili." Sentensi tatu, na ahadi iliyolipiwa ni moja tu. "Tutaingia" imo, na ukiangalia orodha utakuta "kiingilio cha ngome". "Kupita mbele" na "kusimama kwa picha" maana yake ni kuona ukuta kwa nje kwa dakika 20. Na "fursa ya" ni neno ambalo ukiliona unapaswa kusikia sauti ya pochi ikifunguka. Lina ndugu zake: "unaweza", "kwa wanaopenda", "ikiwezekana", "tunapendekeza".

Kitenzi kigumu kuliko vyote ni "kutembelea". Ukisoma "tutatembelea kasri", unaweza kuwa umeambiwa mtaingia, unaweza kuwa umeambiwa mtafika getini. Brosha nzuri huongeza "kiingilio kimelipwa". Isipoongeza, na kasri lisipotajwa kwenye orodha, chukulia kwamba tiketi utainunua mwenyewe. Huyu mama anataka kuingia ndani ya kasri: dola 20.

Siku ya tano inasema: "Siku huru ya kupumzika, au ziara ya hiari ya boti visiwani." Ziara za hiari ndizo moyo wa biashara hii, kwa hiyo tusimame hapa kidogo. Bei yake haiandikwi kwenye brosha, au huandikwa kwenye karatasi ya pembeni. Huuzwa ndani ya basi au kwenye mkutano wa kukaribisha wageni siku ya pili, wakati kila mtu ana pesa na hakuna anayetaka kubaki peke yake hotelini. Kisheria ni za hiari kweli. Lakini angalia hoteli iko wapi siku hiyo. Ikiwa hoteli iko kilomita 15 nje ya mji, hakuna basi la abiria, na wenzako 30 wamepanda boti, uhuru wa kukataa umebaki kidogo. Ndiyo maana nikisoma ratiba huwa naangalia siku huru ngapi zimewekwa mahali ambapo mtu hawezi kutoka kwa miguu. Siku huru katikati ya mji ni zawadi, lakini siku huru porini, naona, ni duka.

Brosha yetu ina ziara mbili za hiari: boti kwa dola 70, na zile ngoma za jioni kwa dola 55. Mama yetu anazitaka zote. Ni 125.

Kuna na vituo ambavyo ratiba huviita "kutembelea karakana ya mazulia" au "kujionea jinsi vito vinavyosuguliwa". Hapo hakuna kiingilio. Ni duka, na mara nyingi mwandaaji au mwongozaji hupata kamisheni kwa kila kinachonunuliwa. Kituo kimoja hakina ubaya, pengine hata utajifunza kitu. Vikiwa vitatu au vinne ndani ya siku nane, na bei ya jalada iko chini kuliko nauli ya ndege peke yake, basi kuna mtu anayefidia tofauti hiyo, na ni wewe mwenyewe ukiwa dukani. Uchina ilifikia hatua ya kutunga sheria kwa ajili ya jambo hili: kifungu cha 35 cha Sheria ya Utalii iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2013 kinakataza kuwavuta watalii kwa bei ya chini isiyo na mantiki kisha kujilipa kupitia manunuzi na huduma za kulipia pembeni.

Zimebaki gharama za njiani, ambazo hazina urembo wowote. Bakshishi: masharti yanasema "inapendekezwa dola 6 kwa siku kwa ajili ya mwongozaji na dereva". Kupendekezwa huku ni kwa jina tu, maana bahasha hupitishwa ndani ya basi siku ya mwisho, na kwenye meli za kitalii mara nyingi kiasi huongezwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chumba chako kwa kila siku. Siku 8 ni dola 48. Kodi ya mji, ambayo miji mingi ya kitalii huitoza kwa kila mtu kwa kila usiku, hukusanywa na hoteli, na baadhi huitaka kwa fedha taslimu wakati wa kuingia au kuondoka. Hapa ni dola 3 kwa usiku, jumla 21. Viza ni 60, bima ya safari 40.

Halafu begi. Siku hizi brosha ikisema "ndege imejumuishwa" uliza ni tiketi ya aina gani. Nauli nyingi za bei ya chini huruhusu mfuko mdogo wa kuingia nao ndani tu, na begi la kupakia linalipiwa kwenda na kurudi. Kwenye mfano wetu ni dola 60. Likilipiwa wakati wa kukata tiketi huwa nafuu, likilipiwa uwanjani siku ya safari huweza kupanda sana, kwa hiyo hili ni swali la kuulizwa kabla.

Jumlisha sasa. Tulikuwa na 1,500. Chakula 90, vinywaji 20, kasri 20, ziara za hiari 125, bakshishi 48, kodi ya mji 21, viza 60, bima 40, begi 60. Tunafika dola 1,984. Safari ya dola 1,000 imekaribia kujizidisha mara mbili, na bado hajanunua hata kitambaa cha kumpelekea mtu nyumbani.

Je, mwandaaji ni tapeli? Si lazima. Hoja hapa ni kulinganisha. Tuseme mezani kuna brosha ya pili ya njia hiyohiyo, "kuanzia dola 1,400". Kwa macho ni ghali kwa dola 400. Ukiisoma, tozo za viwanja zimo, begi limo, vyakula vya jioni ni 6, kiingilio cha kasri na boti vimo, na tarehe ya mama yetu haina nyongeza. Nyongeza ya singo ni ileile 240, kwa hiyo ni 1,640. Ongeza milo ya mchana 72, vinywaji 24, ngoma za jioni 55, bakshishi 48, kodi ya mji 21, viza 60 na bima 40: jumla ni 1,960. Ile ghali imekuwa nafuu kwa dola 24. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya pesa yake inajulikana kabla ya kuondoka, si kwa kushtukizwa ndani ya basi.

Lakini asiyetaka boti, asiyejali kasri, anayesafiri na mfuko mmoja na kula matunda mchana, kwake brosha ya kwanza bado ndiyo nafuu. Kwa hiyo hesabu ya mtu mwingine usiichukue nzima.

Jambo moja ambalo halionekani kwenye jumla ni hesabu ya siku. "Siku 8" hujumuisha siku ya kufika usiku na siku ya kuondoka. Siku ya mwisho ya brosha yetu inasema: "Kifungua kinywa, muda huru, kisha uwanja wa ndege." Masharti yanasema chumba kikabidhiwe saa nne asubuhi. Ndege ni saa nne usiku. Kwa saa kumi na mbili huna chumba, na mabegi yako yanakusubiri mapokezini. Wengine hulipia chumba cha mchana, wengine hukaa ukumbini na kuagiza chai mara tatu. Vyovyote vile, tazama saa za ndege kabla ya kuhesabu siku. Na kama ratiba haitaji kabisa nani anakupeleka uwanjani, rudi kwenye orodha: "usafiri kutoka na kwenda uwanjani" usipoandikwa, teksi ni yako.

Swali linaloulizwa sana ni kama bei inaweza kupanda baada ya kuweka amana. Inategemea masharti, na inategemea sheria ya mahali mkataba ulipofungwa. Chukua Umoja wa Ulaya, ambako Maelekezo Na. 2015/2302 yanatumika tangu tarehe 1 Julai 2018. Huko mwandaaji anaweza kupandisha bei ikiwa tu mkataba uliiruhusu, na kwa sababu tatu pekee: bei ya mafuta au nishati ya usafiri, kodi na tozo zinazowekwa na wengine, na kubadilika kwa thamani ya fedha. Ni lazima akujulishe angalau siku 20 kabla ya safari kuanza. Ongezeko likizidi asilimia 8 ya bei yote, una haki ya kujitoa bila faini. Na kama kuna gharama za ziada ambazo hukuambiwa kabla ya kufunga mkataba, hupaswi kuzibeba.

Usipokuwa chini ya sheria kama hiyo, masharti yenyewe ndiyo ulinzi wako, hivyo yatafutie mambo mawili. Kwanza, sentensi inayosema "bei inaweza kubadilika bila taarifa": inahusu bei kabla ya kulipa, au hata baada ya amana? Pili, fedha ya malipo. Brosha ikitaja bei kwa fedha moja na kukutaka ulipe kwa nyingine, ni kiwango cha siku gani kitatumika, cha siku ya amana au cha siku ya kumalizia? Kati ya siku hizo mbili inaweza kupita miezi mitatu.

Palepale utakuta "hoteli iliyotajwa au inayolingana nayo". Haina gharama ya moja kwa moja, lakini hoteli inayolingana kwa nyota inaweza kuwa mbali na mji, na umbali una teksi zake. Na nyota zenyewe hazina kipimo kimoja duniani, kila nchi hupanga kwa utaratibu wake, kwa hiyo uliza jina na mahali.

Ukimaliza kupigia mistari, mwandikie wakala ujumbe mmoja tu. Usimuulize "je, kuna gharama nyingine?", maana jibu lake ni "hapana, ila za binafsi". Uliza kwa majina: kiingilio cha kasri siku ya tatu kimo? Jioni ya siku ya nne tunakula wapi na nani analipa? Ziara za hiari ni zipi na bei zake leo ni ngapi? Begi la kilo ngapi limo kwenye tiketi? Nikitaka kulipa jumla yote leo, pamoja na vya kulipwa huko, ni kiasi gani? Wakala anayeijua safari yake atajibu mstari kwa mstari. Akijibu "wageni wengi huwa wanachangia kidogo tu", hiyo ni bei ambayo haijaandikwa, mrudie mpaka itoke namba.

Majibu yake yaombe kwa maandishi, si kwa simu. Na brosha yenyewe ihifadhi kama ilivyokuwa siku uliyolipa, faili au picha za skrini za kurasa zote pamoja na masharti, zikionyesha tarehe. Brosha za mtandaoni hubadilishwa wakati wowote, na utakapokuwa unabishana kuhusu neno "kutembelea" ukiwa umesimama mbele ya geti la kasri, toleo lenye nguvu ni lile lililokuwepo ulipotoa pesa.